Dozi Ni Siku, Si Chupa: Namna ya Kuzungumza na Wagonjwa Wanaosubiri Kwenye Dirisha la Dawa

Sentensi ninayoisema kuliko nyingine zote kazini ni "Umalize dawa, mama." Nimeisema miaka mingi kupitia nondo za dirisha, mkono mmoja ukiandika bahasha, mwingine ukipokea cheti kinachofuata. Niliacha kuiamini siku nilipomkuta mama mmoja kliniki ya watoto, siku ya tisa tangu nimpe chupa ya amoksilini ya maji. Cheti kilisema mililita 5 kutwa mara tatu kwa siku 5. Nikamuuliza mtoto anaendeleaje. Akasema hajambo kidogo, ila kikohozi hakijaisha, na dawa bado anampa kwa sababu haijaisha. "Si uliniambia nimalize?"

Hesabu yangu ilikataa. Mililita 5 mara tatu ni 15 kwa siku, na kwa siku 5 ni 75. Chupa ina mililita 100. Angekuwa amefuata cheti, siku ya tano zingebaki mililita 25 za kumwaga. Nikamwomba kesho yake aje na kijiko anachotumia. Alikuja na kijiko kizuri cha chai, cha seti ya harusi. Nilipokijaza na kumimina kwenye kikopo cha kupimia, nilipata mililita 3. Kwa hiyo mtoto alikuwa akipata kidogo zaidi ya nusu ya dawa yake, kwa karibu siku mara mbili, na siku za mwisho alipewa dawa iliyopitisha wiki tangu ichanganywe na maji. Mama huyu hakuacha dawa mapema. Alinitii neno kwa neno, na kosa lilikuwa la neno langu.

Tangu hapo nimehamishia kazi hiyo kwenye benchi. Watu wanasubiri pale nusu saa, wakati mwingine saa nzima, wamekaa wakitazama ukuta. Nawaeleza wenzangu watoa dawa jinsi ninavyozitumia dakika kumi kati ya hizo, hatua kwa hatua. Ukiwa mgonjwa na si mtoa dawa, soma tu. Yote ni mambo unayoweza kuyadai dirishani.

Hatua ya kwanza: chagua saa, na chagua dawa moja

Usisimame saa mbili asubuhi wakati watu ndiyo wanaingia na kila mmoja anataka namba. Kwetu saa inayofaa ni kati ya saa nne na saa tano, madaktari wameshaandika vyeti vingi na foleni imetulia. Pitia vyeti vilivyokwisha kufika uone ni antibayotiki gani imeandikwa zaidi siku hiyo. Ikiwa ni amoksilini ya watoto, zungumza kuhusu hiyo. Ukijaribu kueleza amoksilini, Septrini, doksi na metronidazoli kwa pamoja, watu watabeba mchanganyiko.

Chukua vitu vitano: chupa tupu ya dawa ya maji yenye mstari, chupa ya maji ya kunywa, kikopo cha kupimia, ukanda mtupu wa vidonge, na kalenda. Kalenda ndiyo chombo chenye kazi kubwa kuliko vyote, utaona baadaye.

Jambo moja la kujizuia: usimtaje mtu wala cheti chake mbele ya wengine. Usiseme "kama huyu mama hapa." Anayesubiri dawa za kifua kikuu au za kisonono amekaa benchi hilo hilo.

Hatua ya pili: anza na dawa zilizobaki nyumbani

Ukianza na somo la bakteria, utaona macho yakihama. Mimi huanza na swali: "Nani hapa nyumbani ana dawa zilizobaki, zimewekwa kabatini au kwenye mkoba?" Mara ya kwanza hakuna anayeinua mkono, maana wanajua umevaa koti jeupe. Basi najitaja mimi. Kwamba hata mimi, kabla sijasomea kazi hii, nilikuwa na kopo la vidonge vya rangi mbili vya kila aina, tukiviita vya dharura. Hapo bibi mmoja hucheka, na mikono huanza kupanda.

Waulize vilibakije. Sababu hazizidi chache, na zinafanana kila wiki. Nilipata nafuu. Vilinichafua tumbo. Nilisafiri nikasahau. Hela ilitosha nusu. Nilimpa dada yangu ambaye naye alikuwa anakohoa. Jibu la mwisho husemwa kwa fahari, kwa sababu kumgawia mwenzako ni wema. Usimkemee. Mtu akikemewa mbele ya wengine, hatasema tena kweli, na wewe unahitaji kweli yake kuliko utii wake.

Sababu zile ndizo zitakuongoza. Aliyeacha kwa nafuu anahitaji maelezo. Aliyeacha kwa kukosa hela hahitaji maelezo hata moja, anahitaji mpango, na tutafika huko.

Hatua ya tatu: eleza siku ya tatu

Siku ya tatu ndipo wengi wanapoacha. Homa imeshuka, mtoto anacheza, dawa ina ladha mbaya, na kazi ya kumshika mtu wa miaka miwili anayetema dawa imeshamchosha mama. Usimwambie kuwa nafuu hiyo ni ya uongo. Ni ya kweli. Mwambie inatoka wapi.

Homa na maumivu kwa sehemu kubwa ni mwili wenyewe unapigana. Bakteria wakipungua sana, vita vinapungua na mtu anajisikia vizuri. Lakini kupungua sana hakumaanishi kwisha. Waliobaki ni wachache mno kuleta homa, na bado wanatosha kuzaana tena dawa ikiondoka.

Kwa watu wetu mfano unaoeleweka upesi ni ndago. Kila aliyeshika jembe anaijua. Ukiipalilia juu juu, shamba linapendeza siku ile ile na mtu anayepita barabarani atakusifu. Chini vile vikokwa vyeusi bado vipo, na mvua moja ikinyesha, ndago inarudi. Siku ya tatu ya antibayotiki ni shamba lililofyekwa. Siku zilizobaki ni za kufuata vikokwa.

Baada ya mfano rudi kwenye ugonjwa, usiwaache shambani. Mimi huchukua koo. Maumivu mengi ya koo huletwa na virusi na hayahitaji antibayotiki kabisa. Lakini kuna koo la streptokoka, hasa kwa watoto wa umri wa shule, ambalo kwa penisilini ya vidonge hutibiwa siku 10. Maumivu huisha ndani ya siku chache tu. Zile siku nyingine hazipo kwa ajili ya maumivu. Zipo ili bakteria wasibaki kooni, kwa sababu wakibaki, wiki kadhaa baadaye kwa baadhi ya watoto kinga ya mwili inakosea adui na kuanza kushambulia viungo na vali za moyo. Wazazi wengi hawajui kuwa moyo wa mtoto unaweza kuharibika kupitia koo. Ukilisema hili polepole, benchi linanyamaza.

Hatua ya nne: kuhusu usugu, sema kweli yote

Hapa naachana na mabango mengi. Tumezoea kusema kwamba ukiacha dawa yoyote mapema, bakteria wanakuwa sugu, na kwamba kadiri unavyomeza siku nyingi ndivyo unavyozuia usugu. Nusu ya kwanza ni kweli kwa baadhi ya magonjwa. Nusu ya pili si kweli.

Ugonjwa ambao kuacha katikati kunaleta usugu waziwazi ni kifua kikuu. Dozi ya kawaida ni miezi 6: miezi 2 ya kwanza dawa nne pamoja, kisha miezi 4 ya dawa mbili, rifampisini na isoniazidi. Mgonjwa huanza kunenepa na kuacha kukohoa mapema sana katika safari hiyo. Akiacha, au akimeza leo na kuruka kesho, vimelea vinavyoweza kuivumilia dawa mojawapo ndivyo vinavyosalia na kuzaana, na siku atakaporudi zile dawa za kwanza huenda zisimsaidie. Hapo ndipo mtu anapopelekwa kwenye tiba ya kifua kikuu sugu, ambayo kwetu jina lake limefungamana na hospitali ya Kibong'oto, Kilimanjaro. Atakayemwambukiza naye ataupata ule ule usugu, hata kama hajawahi kuruka kidonge.

Magonjwa mengine ya kawaida, kama nimonia au jipu, hatari ya kwanza ya kuacha mapema ni ugonjwa kurudi au kuenea. Na kuna jambo ambalo bango halisemi. Kila siku unayomeza antibayotiki, dawa inawakuta pia bakteria wasio na hatia wanaoishi tumboni na kwenye ngozi yako. Wale dhaifu wanakufa, wale sugu wanapata nafasi. Kwa hiyo siku za ziada zina gharama yake. Mwaka 2017 madaktari kadhaa wa Uingereza waliandika katika jarida la BMJ wakihoji hasa ule usemi wa kumaliza dozi ili kuzuia usugu, na miaka hii wataalamu wamekuwa wakifupisha dozi za magonjwa kadhaa baada ya kupima na kuona siku chache zinatosha.

Utauliza, basi kwa nini niwaambie haya watu wa benchini, si watafanya kisingizio? Nimeona kinyume chake. Mgonjwa ana jirani aliyepewa siku 3, shemeji aliyepewa siku 7, na watoto wa shule waliopewa dawa ya trakoma wakameza mara moja tu ikawa basi. Asipoelezwa, anaamua kuwa siku hizo tunazibuni. Mimi husema hivi:

"Ndugu zangu, idadi ya siku haifanani kwa kila ugonjwa. Kuna dozi ya mara moja, kuna ya siku tano, kuna ya miezi sita. Siku zako zimewekwa kwa ugonjwa wako na kwa dawa yako. Zikipunguzwa, apunguze aliyekupima. Zikiongezwa, aongeze aliyekupima. Nyumbani hakuna kipimo cha kujua bakteria wameisha."

Kuna pia wale wanaosema wana "UTI sugu". Siku hizi hakuna benchi lisilo na mmoja. Ukimsikiliza, mara nyingi amemeza sipro siku mbili mara nne kwa mwaka, kila mara akinunua mwenyewe. Inawezekana kweli ana bakteria wasiosikia ile dawa. Inawezekana pia hana maambukizi ya mkojo kabisa, maumivu yana chanzo kingine. Hilo halijibiwi kwa vidonge vya siku zaidi. Mwelekeze aombe kuoteshwa mkojo, ili ijulikane kuna bakteria gani na dawa ipi inawaua, na apimwe kabla hajameza kingine.

Hatua ya tano: piga hesabu mbele yao

Hii ndiyo sehemu ninayoikalia muda mrefu. Ukiwa na dakika tatu tu siku hiyo, acha mengine yote ufanye hii.

Tuchukue mtoto wa miezi 14, kilo 10 na nusu, amekutwa na nimonia ya kupumua haraka. Ameandikiwa amoksilini ya vidonge vya kuyeyusha, miligramu 250, vidonge 2 asubuhi na 2 jioni kwa siku 5. Kwa umri na uzito huo ndivyo mwongozo wa matibabu ya watoto unavyoelekeza. Vidonge 4 kwa siku mara 5 ni vidonge 20. Andika 20 kwenye karatasi kubwa. Mama akipewa kanda mbili za vidonge kumi kumi, anajua hazijapungua, na anajua hakuna cha kubaki.

Sasa siku. Tuseme leo ni Jumanne na atafika nyumbani mchana. Dozi ya kwanza, vidonge 2, anampa Jumanne jioni. Siku 5 za mara mbili ni dozi 10. Jumanne moja. Jumatano, Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi mbili mbili, hizo nane, jumla tisa. Dozi ya kumi ni Jumapili asubuhi. Chukua kalenda, weka duara kwenye Jumapili, uandike "asubuhi, mwisho". Kwenye bahasha yake andika hivyo hivyo. Namba "2x2" tunayoiandika sisi haisemi lini mwisho, na kwa mtu asiyeizoea haisemi hata mwanzo.

Waonyeshe kumpa. Vidonge viwili ndani ya kijiko au kikombe kidogo, maji safi kidogo au maziwa ya mama, subiri viyeyuke, mpe mtoto yote, kisha suuza kikombe kwa tone la maji na umpe hayo pia, maana chini hubaki dawa. Akitapika kabla ya nusu saa kupita, mpe dozi hiyo tena. Anayetapika kila kitu arudishwe hospitali, usingoje kesho.

Halafu njoo kwenye chupa, kwa sababu bado watoto wengi wanapewa dawa ya maji. Inua chupa tupu na useme: "Chupa hii ni mililita mia. Kiwanda kiliijaza bila kumjua mtoto wako." Fanya hesabu mbili tu. Mtoto wa mililita 5 mara tatu kwa siku 5 anatumia 75, zinabaki 25, na hizo humwagwa. Mtoto wa mililita 5 mara tatu kwa siku 7 anahitaji 105, kwa hiyo chupa moja haitoshi, itamwisha siku ya saba kabla ya dozi ya usiku, na kama alimwaga kidogo itamwisha mapema zaidi. Huyo wa pili ndiye anayekwambia kwa moyo mweupe kuwa alimaliza dawa. Alimaliza chupa.

Waonyeshe na kuchanganya. Kwanza gonga chupa ili unga ulioganda uachie. Maji yawe yamechemshwa na kupoa. Tia nusu, tikisa mpaka unga wote ulowe, kisha ongeza hadi mstari, si hadi shingoni. Povu likishuka angalia mstari tena. Tikisa kila mara kabla ya kumpa, la sivyo siku za kwanza anakunywa maji matamu na za mwisho anakunywa dawa nzito. Lebo nyingi za amoksilini zinataka itumike ndani ya siku 7 tangu kuchanganywa. Iandike tarehe ya kuchanganya juu ya chupa kwa kalamu isiyofutika, na ukiweza, changanya wewe mwenyewe dirishani.

Mwisho wa hatua hii natoa kile kijiko cha mama, maana alikubali kuniachia. Nakijaza, namimina kwenye kikopo, nawaacha waone kinaishia wapi. Sijawahi kuhitaji kueleza zaidi kwa nini watumie kikopo.

Saa nazo zitaje kwa saa zetu. Kutwa mara mbili ni saa moja asubuhi na saa moja jioni. Kutwa mara tatu ni kila baada ya saa nane, kwa mfano saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana na saa nne usiku. Watu wengi wanafunga mara tatu kwenye milo, na mchana na jioni zikakaribiana, usiku ukabaki mrefu bila dawa. Aliyesahau ameze anapokumbuka, isipokuwa dozi inayofuata imekaribia sana, hapo aendelee na hiyo. Asimeze mara mbili kufidia.

Hatua ya sita: zungumzia hela na mfungo bila aibu

Dirishani mtu anasema, "Nipe za elfu moja." Hilo ndilo jina la nusu dozi. Tunaouza tunalijua, na ni rahisi kukata ukanda wa vidonge na kumpa. Mgonjwa anaondoka akidhani kapata dawa kidogo na nafuu kidogo. Alichopata ni siku mbili za shamba lililofyekwa.

Sema wazi benchini: hela isipotosha, niambie kabla sijakata, si baada. Kuna njia. Mara nyingi dawa iliyoandikwa kwa jina la kampuni ina nyingine yenye dawa ile ile ndani kwa bei ndogo. Wakati mwingine daktari alikuwa na dawa mbili zinazofaa na akaandika ya gharama, kwa hiyo unatembea hadi chumba chake, au unampigia, umuulize kama inawezekana kubadilisha. Ikishindikana kabisa, afadhali achukue sehemu leo kwa makubaliano yaliyoandikwa kwamba Ijumaa anakuja kuchukua zilizobaki, na wewe unazitenga kwa jina lake. Si jambo ninalolipenda, lakini nimeona wanarudi wengi kuliko nilivyotarajia, kwa kuwa kuna bahasha inayowasubiri.

Mwezi wa Ramadhani upande wetu wa pwani una tatizo lake. Mgonjwa hakwambii kuwa atafunga, anaona haya au anadhani haikuhusu. Dawa ya mara mbili inapangika, futari na daku, ingawa nafasi hazilingani vizuri. Dawa ya mara tatu haipangiki, na anachofanya ni kumeza mbili pamoja wakati wa futari. Uliza wewe. "Mama, unafunga?" Akikubali, mrudishe kwa daktari abadilishiwe dawa ya mara moja au mbili kama ipo inayofaa, na umkumbushe kuwa mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa siku baadaye. Hilo la ruhusa analijua kuliko wewe, ila kulisikia kutoka dirishani kunamtua mzigo.

Na maziwa: mwenye sipro au doksi asimeze pamoja na maziwa, vidonge vya damu au dawa ya vidonda vya tumbo aina ya kutuliza asidi. Vitu hivyo vinaikamata dawa tumboni isiingie mwilini, na mtu anamaliza dozi ambayo hakuipata.

Hatua ya saba: waambie lini waache

Ukiwafundisha kumaliza tu, kuna atakayemalizia kwenye hatari. Sema kwa sauti ile ile kwamba kuna wakati wa kuacha dawa na kuja mara moja: midomo au uso kuvimba, kupumua kwa shida baada ya kumeza, vipele vinavyoenea, na zaidi sana ngozi kutoka malengelenge au kubabuka mdomoni na machoni, jambo ambalo Septrini inaweza kulileta. Kuhara kidogo au kichefuchefu si sababu ya kuacha. Kuhara damu au kuhara kusikokatika ni sababu ya kuja.

Upande wa pili ni yule ambaye hapati nafuu. Siku mbili kamili zimepita, tunaingia ya tatu, homa iko pale pale. Mazoea yake ni kwenda duka la pili kununua antibayotiki nyingine juu ya ile. Mwambie aje na dawa zake zote mkononi. Huenda ugonjwa si wa bakteria, huenda ni malaria, huenda dozi ilikuwa ndogo kama ile ya kijiko cha harusi. Kwa mtoto usimpe hata hizo siku mbili akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea asiamke vizuri, au mbavu zikiingia ndani anapopumua.

Hatua ya nane: dirishani, geuza maswali

Mazungumzo ya benchi hayatoi ruhusa ya kunyamaza dirishani. Yanakupunguzia maneno tu. Mgonjwa akifika, usimuulize "Umeelewa?" Wote wanaelewa. Muulize, "Nionyeshe jioni utampaje." Mkabidhi kikopo ajaze maji hadi alama. Kisha, "Siku ya mwisho ni lini?" Akisema "Jumapili asubuhi", mwache aende. Akisema "ikiisha chupa", bado hujamaliza kazi, toa kalenda.

Mtu mzima msikilize kwa heshima yake. Mzee hawezi kuulizwa kama mwanafunzi. Kwake mimi husema, "Shikamoo baba. Nimezungumza upesi, nahofia nimekuchanganya. Hebu nikumbushe, nimekuambia umeze namna gani?" Kosa linakuwa langu, na yeye ananisahihisha.

Siku ya tatu tunapiga simu kwa wachache, wale tuliowaona wana haraka au wamebeba watoto wawili. Dakika moja haizidi: mtoto anaendeleaje, vidonge vimebaki vingapi. Yule wa miezi 14 aliyeanza Jumanne jioni, ukimpigia mama yake Ijumaa mchana, anapaswa kuwa ametoa dozi sita, Jumanne moja, Jumatano mbili, Alhamisi mbili, Ijumaa asubuhi moja. Vidonge 12 vimetumika, 8 vimebaki. Akikujibu nane, mpongeze umwache apike. Akikujibu kumi na mbili, amesahau mara mbili; akikujibu kumi na nne, anampa kimoja kimoja, na bado kuna muda wa kumwambia alete mtoto apimwe.